Kapsuli kumi na nne kwa watu wawili: kisa cha usaha uliorudi

Kisa hiki kimetoka kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi kama tabibu, katika mji mdogo wa Kanda ya Ziwa. Umri, kazi na siku nimevigeuza kidogo ili wahusika wasitambulike. Nakiandika kwa sababu mgonjwa wa kisonono alipimwa vizuri, akachomwa sindano sahihi, akapewa dawa sahihi, na bado akarudi akiwa na usaha. Aliyeharibu mambo kwa sehemu kubwa ni mimi, na niliyaharibu kwa swali moja.

Mgonjwa na historia yake

Ni kijana wa miaka 29, dereva wa bodaboda, ana mke na mtoto mmoja. Alikuja Jumatatu asubuhi, akaamkia, akakaa, kisha akanyamaza. Nilipomuuliza shida ni nini akasema, "Yutiai, dokta." Huku kwetu yutiai ni jina la heshima la kila kinachouma chini ya kitovu. Mwanamume mzima wa umri huo kupata maambukizi ya kawaida ya kibofu ni jambo la nadra, kwa hiyo anaposema yutiai mimi huuliza kama kuna kinachotoka. Akaitikia kwa kichwa.

Usaha ulianza siku sita nyuma. Siku ya kwanza ilikuwa muwasho tu kwenye tundu la mkojo, ya pili akakuta doa la njano kwenye chupi, na ya tatu kukojoa kukawa kama kupitisha pilipili. Alikwenda duka la dawa, akauziwa siprofloksasini za siku tano na kuambiwa anywe maji mengi. Usaha ukapungua siku mbili, kisha ukarudi ulivyokuwa.

Hilo la siprofloksasini halikunishangaza. Miaka ya nyuma kidonge kimoja tu kilikuwa kinamaliza kisonono. Leo vijidudu vya kisonono vimeizoea dawa hiyo karibu dunia nzima, kama vilivyoizoea penisilini na tetrasaiklini kabla yake. Mtu akiinywa, vile dhaifu hufa, usaha hupungua, naye huamini anapona. Wakati huo huo anaendelea kuambukiza.

Siku ya kwanza: tulichoona na tulichofanya

Nilimwomba avue, avute govi nyuma, akamue uume taratibu kutoka shinani kuelekea kichwani. Likatoka tone zito la njano linaloelekea kijani. Hakukuwa na kidonda, korodani hazikuvimba wala kuuma, na mitoki ya kinenani ilikuwa ya kawaida. Korodani ni lazima kuzishika, kwa sababu maambukizi yakishapanda hadi kwenye mirija yake, dozi na siku za matibabu hubadilika.

Mtu wa maabara alichukua usaha kwa kijiti cha pamba, akaupaka kwenye slaidi, akauwekea rangi za Gramu. Baada ya kama nusu saa akaniita nichungulie mwenyewe kwenye hadubini. Ndani ya chembe za usaha kulikuwa na vidoa vyekundu viwili viwili, kama maharage mawili yaliyotazamana. Hicho ni kisonono. Kwa mwanamume anayetoa usaha, kipimo hiki cha bei ndogo kinaaminika sana: kati ya wenye kisonono 100, kinawakamata zaidi ya 95. Kwa mwanamke hali ni tofauti. Usaha wa shingo ya kizazi ukipakwa kwenye slaidi ile ile, kipimo hukosa karibu nusu ya wagonjwa. Hili la mwanamke litarudi mbele.

Kipimo cha VVU kilikuwa hasi, cha kaswende pia hasi. Tulimwambia kipimo cha VVU kirudiwe baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi ya wiki iliyopita hayawezi kuonekana leo. Anayetoka usaha huambukizwa na huambukiza VVU kwa urahisi zaidi, maana ngozi laini ya ndani ya mrija imechubuka na imejaa chembe ambazo virusi huzitafuta. Huku Kanda ya Ziwa tuna ushahidi wetu wa nyumbani. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa 1995 ulionyesha kwamba pale zahanati zilipoboreshewa matibabu ya magonjwa ya ngono, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40.

Alichomwa seftriaksoni miligramu 500 kwenye msuli, mara moja, pale pale. Dozi hii inatofautiana mwongozo hadi mwongozo. Marekani walitoka miligramu 250 wakaenda 500 mwishoni mwa 2020, na Uingereza wanachoma gramu 1 nzima. Kila mtu anapandisha kwa sababu ile ile: vijidudu vinazoea. Kisha tukampa doksisaiklini ya miligramu 100, kapsuli moja asubuhi na moja jioni kwa siku saba. Kapsuli kumi na nne kwenye bahasha ya kaki.

Aliuliza swali zuri: kama mmeona kisonono, na sindano ni ya kisonono, hizi kapsuli za nini?

Ni za klamidia, ugonjwa mwingine wa ngono. Wanaume wengi wenye kisonono wana klamidia pia, na hadubini yetu haiwezi kuiona, kwa sababu hukaa ndani ya chembe za mwili na haishiki rangi ya Gramu vizuri. Klamidia peke yake huja polepole. Kisonono kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tano tangu tendo mpaka usaha, lakini klamidia huchukua wiki moja hadi tatu, nayo hutoa ute mwepesi usio na rangi, wakati mwingine tone moja la asubuhi tu. Zikiwa pamoja, usaha wa kisonono huufunika ute wa klamidia. Ukitibu kisonono pekee, mgonjwa hukauka wiki moja, halafu kile kilichofunikwa hujitokeza. Ndiyo maana tunatibu vyote viwili siku moja.

Mpaka hapo nisingebadilisha kitu. Kilichofuata ndicho ninachojutia.

Chumbani alikuwepo mwanafunzi wa mazoezi, na mlango ulikuwa wazi nusu kwa sababu muuguzi alikuwa anaingia na kutoka kuchukua mafaili. Nikamuuliza kijana, "Una mpenzi mwingine zaidi ya mke wako?" Akajibu haraka, "Hapana dokta, ni mke tu." Nikaandika kwenye daftari *mwenza: 1*, nikampa kadi moja ya kumleta mwenza, nikamwambia asifanye ngono siku saba na ahakikishe mke anakuja. Akaiweka mfukoni, akashukuru, akaondoka. Mazungumzo yote kuhusu watu wengine hayakufika dakika mbili.

Siku ya 19

Alirudi peke yake. Usaha ulikuwa umekoma siku ya tatu baada ya sindano, akakaa vizuri, sasa kwa siku nne alikuwa anaona ute wa asubuhi na muwasho akikojoa. Kadi alisema amempa mke. Mke hakuwa amekuja.

Ugonjwa ukirudi namna hii kuna maelezo matatu. La kwanza, dawa imeshindwa kwa sababu ya usugu. La pili, kuna kijidudu cha pili ambacho dawa ya kwanza haikukigusa au haikukimaliza. La tatu, ameambukizwa upya. Watu wengi, wakiwamo wenzangu wa kazi, hurukia la kwanza na kutafuta sindano kali zaidi. Lakini swali moja tu linachuja sana: je, usaha ulikauka kabisa katikati? Usugu wa kweli dhidi ya seftriaksoni ungeonyesha usaha usiokauka, au uliopungua kidogo na kuendelea, tena bila ngono yoyote baada ya sindano. Huyu alikauka siku ya tatu na kubaki mkavu kama wiki mbili. Hiyo si sura ya sindano iliyoshindwa.

Nilipomkagua hakukuwa na kitu. Nikamuuliza alikojoa lini mara ya mwisho. "Sasa hivi hapo chooni, dokta, nikanawa kabisa." Hili huwapata wengi. Mtu anaona aibu kuja mchafu, anakojoa na kunawa kabla ya kuingia, na ushahidi wote unakwenda na maji. Ute mwepesi haujazi tena mrija kwa dakika kumi. Tulimwomba asubiri saa mbili bila kukojoa. Alikaa chini ya mwembe na wenzake wa bodaboda, wakamtania kwamba amelazwa nje.

Aliporudi, kukamua kulitoa uzi mwembamba wa ute wa kijivu. Kwenye hadubini chembe za usaha zilikuwa nyingi, zaidi ya tano katika kila eneo tulilotazama, lakini yale maharage mawili hayakuwepo. Kwa hiyo mrija ulikuwa na uvimbe bila kisonono. Wanaobaki kwenye orodha ni klamidia, kimelea kiitwacho trikomona, na kijidudu kiitwacho maikoplasma jenitalia, ambacho hakina ukuta wa seli na kwa hiyo seftriaksoni na jamii yake hazikifanyi lolote.

Hospitali ya mkoa ina mashine inayopima vinasaba vya kifua kikuu kwenye makohozi. Wachache wanajua kwamba ukiiwekea katriji nyingine, mashine hiyo hiyo hupima kisonono na klamidia kwenye mkojo kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Tulikubaliana wapokee sampuli yetu.

Hapo tukakaribia kukosea tena. Kijana wa maabara, kwa mazoea, alimpa kikopo na kumwambia, "Kojoa kidogo kwanza chooni, halafu kinga wa katikati." Hivyo ndivyo mkojo wa yutiai unavyochukuliwa. Kwa klamidia ni kinyume kabisa. Tunataka mkojo wa mwanzo, mililita 20 hadi 30 za kwanza, ambazo ndizo husuuza mrija na kubeba vijidudu, na mtu awe hajakojoa angalau saa moja. Ukikinga wa katikati umekinga mkojo wa kibofu, na ugonjwa hauko kwenye kibofu. Bahati nzuri nilikuwa nimesimama pale.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili: kisonono hasi, klamidia chanya.

Msomaji makini atauliza kama hiyo chanya inaaminika. Ni haki aulize. Kipimo cha vinasaba hakitofautishi kijidudu hai na mzoga, na mabaki ya klamidia iliyokufa yanaweza kuonekana wiki tatu hadi nne baada ya dawa. Ndiyo sababu hatupimi kama mtu amepona wiki moja baada ya matibabu. Lakini huyu alikuwa na dalili, alikuwa na chembe za usaha, na kama nilivyokuja kujua, hakuwa amemaliza dawa.

Kapsuli saba

Safari hii nilimtoa mwanafunzi, nikafunga mlango, nikaketi upande wake wa meza. Sikuuliza kama ana mtu mwingine. Nilimwambia, "Tuhesabu pamoja kurudi nyuma miezi miwili kabla usaha haujaanza. Umelala na nani, mara ya mwisho ilikuwa lini, na ilikuwa na kondomu au bila?" Swali la namna hii halimtaki mtu akiri dhambi, linamtaka akumbuke tarehe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna dada mmoja mama lishe kituo cha pili. Jumamosi, siku tatu kabla usaha haujaanza. Bila kondomu. Na mke, mara kadhaa kabla na baada.

Baada? Ndiyo. Siku ya tano tangu sindano, kwa kuwa alijiona amepona.

Nikamuuliza kuhusu kapsuli, alizimaliza siku gani. Akatazama chini.

"Nilimpa nusu mama watoto."

Hakuwa na uso wa kumpa mkewe ile kadi. Ilikuwa bado kwenye pochi, imekunjika. Lakini nilimwambia mke lazima atibiwe, na hilo alilisikia vizuri. Basi akaigawa bahasha: saba zake, saba za mke. Alimwambia ni dawa za kusafisha mkojo, na kwa kuwa mke alikuwa akilalamika kiuno, akazipokea. Ukimsikiliza bila hasira, kijana alijitahidi kutii. Alifanya kile nilichomwambia kwa njia pekee iliyomwepusha na swali la mkewe. Wote wawili wakapata siku tatu na nusu za dawa ya siku saba.

Sindano ilifanya kazi kwa sababu moja ambayo haimo vitabuni: haigawanyiki.

Nikauliza swali jingine ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: mke ana mimba? Ana mimba. Ya miezi minne na nusu.

Mke, na jinsi ya kumwambia

Doksisaiklini si dawa ya mjamzito. Kuanzia kipindi hicho inaweza kuingia kwenye meno na mifupa ya mtoto inayojengeka. Kapsuli saba ni chache na hatari yake ni ndogo, lakini hakupaswa kunywa hata moja, na kama ningeuliza habari za mimba siku ya kwanza asingeinywa.

Tuliamua mambo mawili papo hapo. Kwanza, mume hatibiwi tena kama mtu mmoja. Dawa yake na ya mkewe zitaanza siku moja. Pili, mume atachagua namna ya kumwambia mke, lakini kutomwambia hakumo kwenye machaguo. Alichagua aje naye, na muuguzi wetu mtu mzima azungumze naye kwanza peke yake.

Muuguzi hakumwita mume msaliti wala hakumtetea. Alimwambia, "Mama, mwenzako amekutwa na maambukizi yanayopita kwa tendo la ndoa. Mwanamke anaweza kukaa nayo miezi bila kujua. Leo tunakupima na kukutibu kwa ajili yako na wa tumboni." Kabla ya yote alimuuliza kama nyumbani kuna vipigo, kama anaogopa kurudi naye. Alisema hapana. Jibu likiwa ndiyo, mpango mzima hubadilika, na kumwita mume chumbani huwa kosa.

Mke aliuliza lile ambalo kila mtu huuliza: "Ni yeye kaniletea au ni mimi?" Jibu la kweli ni kwamba kipimo hakisemi. Kisonono cha mume kilianza siku tatu baada ya kulala na mtu mwingine, kwa hiyo chanzo chake kinakisiwa kwa urahisi. Klamidia ni habari nyingine. Ingeweza kuwa nyumbani humo tangu mwaka jana, kimya, kwa yeyote kati yao. Mimi siku hizi nakataa kabisa kushiriki mashauri ya nani alianza. Tabibu akishajifanya hakimu, mwenza wa pili haji.

Hakuwa na dalili yoyote anayoijua. Kiuno alikihusisha na ujauzito, na huenda alikuwa sahihi. Kwa kuangalia, shingo ya kizazi ilivuja damu kidogo ilipoguswa na kijiti cha pamba. Kipimo kilikuja klamidia chanya, kisonono hasi. Wanawake wengi wenye klamidia, wengi kuliko wenye dalili, wako hivi hivi. Anayesubiri mke "aumwe ndipo aje" atasubiri mpaka mirija ya uzazi iwe imeziba, au mtoto azaliwe na macho yanayotoa usaha.

Hatukusubiri majibu. Siku ile ile alichomwa seftriaksoni na kumeza azithromaisini gramu 1 mbele ya muuguzi, dozi moja tu, ambayo ni salama kwa mjamzito. Kwenye kadi yake ya kliniki tuliandika dawa hizo, na zile kapsuli saba pia.

Mume alirudia doksisaiklini tangu mwanzo, siku saba, kapsuli kumi na nne. Tulibishana na mwenzangu kama tumpe azithromaisini ya kumeza mara moja ili kusiwe na cha kugawana. Hoja yake ilikuwa nzuri. Nikashikilia doksisaiklini kwa kuwa inaitoa klamidia kwa uhakika zaidi, na sababu ya kugawana ilikuwa imeondoka, maana mke alikuwa ametibiwa. Tukamwongezea metronidazo gramu 2 ya mara moja kwa ajili ya trikomona, ambayo hatukuwa na uwezo wa kuipima. Hiyo nakubali ilikuwa ni kubahatisha, ila ni kubahatisha kunakokubalika pale uvimbe wa mrija unaporudi.

Mtu wa tatu

Mama lishe ndiye aliyekuwa mgumu. Kijana alimpigia akiwa pale pale kituoni, kwa maneno tuliyoyapanga naye: nimepimwa, nimekutwa na ugonjwa, na wewe nenda ukatibiwe, kadi hii hapa. Simu ikakatwa. Kadi zetu hazina jina la ugonjwa wala la aliyeituma, zina namba tu, ili mtu aweze kuingia kituo chochote na kutibiwa bila maelezo. Akaituma kwa mwenzake wa bodaboda ndani ya bahasha iliyofungwa. Sikupenda, lakini sikuwa na njia nyingine.

Alikuja wiki moja na nusu baadaye, na si kwa sababu ya kadi. Alikuja kwa maumivu ya tumbo la chini na homa. Alikuwa ameshakunywa dawa za tumbo kutoka maduka mawili tofauti. Shingo ya kizazi ilipotikiswa kwa kidole alishika mkono wangu. Maambukizi yalikuwa yamepanda kwenye kizazi na mirija. Kipimo cha mimba hasi. Tulimpa seftriaksoni, na doksisaiklini pamoja na metronidazo kwa siku 14, tukamwambia arudi baada ya siku tatu; kama hana nafuu tungempeleka hospitali. Alirudi ana nafuu.

Naye alitaja mwenza mmoja zaidi, mwanamume anayepita mjini kwa biashara ya samaki. Tukampa kadi ya mtu huyo.

Matokeo

Ute wa mume ulikoma ndani ya siku tano. Safari hii walisubiri: siku saba kamili baada ya dozi ya mke na mpaka kapsuli ya mwisho ya mume. Mke alipimwa tena wiki nne baada ya dawa, kama inavyotakiwa kwa mjamzito, akawa hasi. Alijifungua kwa wakati wake. Mtoto alipakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni kama watoto wote, lakini mafuta yale hayaaminiki dhidi ya klamidia, kwa hiyo kinga yake halisi ilikuwa ile azithromaisini aliyomeza mama. Macho yalikuwa safi alipoletwa kwenye chanjo ya wiki sita.

Miezi mitatu baadaye mume alirudi kupima tena, hata bila dalili, kwa kuwa aliyewahi kuambukizwa yumo kwenye kundi linaloambukizwa tena. Kisonono hasi, klamidia hasi, VVU hasi.

Uchambuzi

Hadubini ilitufaa kuliko nilivyoizoea kuiheshimu. Kituo kingeweza kumtibu kijana kwa kutazama dalili tu, na kwa usaha wa mwanamume tiba hiyo ya dalili ni njia halali kabisa pasipo na maabara; siku ya kwanza dawa zisingebadilika. Tofauti ingetokea siku ya 19. Bila slaidi mbili za kulinganisha, ya kwanza yenye maharage na ya pili isiyo nayo, ningesema seftriaksoni imeshindwa na kuchoma dozi kubwa zaidi kwa ugonjwa usiokuwepo. Nani aliyemrudishia klamidia, dawa pungufu au mke, hatukuweza kutenganisha, na wala haikuhitajika, kwa sababu tiba ya vyote viwili ilikuwa ile ile.

Swali langu la siku ya kwanza lilikuwa na kasoro tatu. Liliulizwa mbele ya watu. Lilikuwa la ndiyo au hapana, na jibu la heshima lilikuwa hapana. Tena lilisema "mpenzi", na kwa kijana huyu mama lishe hakuwa mpenzi. Alikuwa mchepuko wa mara mbili, mtu ambaye kichwani mwake hakuhesabiki. Lile la pili, la nani, lini na kondomu, halikutumia neno lolote la cheo cha uhusiano.

Kosa la kadi lilikuwa kubwa zaidi. Nilimpa mgonjwa kazi ya kumwambia mkewe jambo zito kuliko yote katika ndoa yao, nikampa kikaratasi, nikadhani nimemaliza. Hakuwa na sentensi ya kuanzia. Tangu kisa hiki tunakaa na mgonjwa mpaka aseme kwa sauti, mbele yetu, maneno atakayoyatumia, na tunamwekea siku ya kuja na mwenza badala ya kusema "mlete". Wakikubali kuja siku moja, dozi ya mwenza humezwa hapo hapo. Bahasha ya dawa ya mgonjwa sasa ina maneno yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: *za mtu mmoja*. Mfamasia wetu aliona ni kichekesho. Wiki ya pili mama mmoja aliirudisha dirishani na kuuliza, basi za mume wangu ziko wapi?

Kadi ya mfanyabiashara wa samaki haijarudi kituoni kwetu. Huenda aliitumia kituo kingine. Namba tu haiwezi kutuambia.